Kosa linarudije nyuma hadi uzito wa kwanza: tupige hesabu ya mtandao wenye uzito mbili

> Wakuu, kanuni ya mnyororo naijua kwenye karatasi ya hesabu. Ninapokwama ni kwenye mtandao wa neva: uzito wa safu ya kwanza haugusani kabisa na jibu la mwisho, sasa unajuaje ubadilike kiasi gani?

Mkuu, tuanze na lori la nyanya. Lori linachoma lita 50 za dizeli kwa safari moja na linabeba matenga 100. Dizeli ikipanda shilingi 1 kwa lita, safari inapanda shilingi 50. Safari ikipanda shilingi 1, kila tenga linabeba 0.01 ya shilingi hiyo. Kwa hiyo dizeli ikipanda shilingi 1, tenga linapanda 50 × 0.01, yaani nusu shilingi. Dizeli haijawahi kugusana na tenga, ila kila pete ya mnyororo ina kizidisho chake, na ukivizidisha vyote unapata athari ya mwanzo kwa mwisho. Uzito wa safu ya kwanza unahesabiwa hivyohivyo.

Chukua mtandao mdogo kuliko yote: ingizo moja, neva moja ya kati, tokeo moja.

```
z = w1 * x
h = 1 / (1 + e^(-z))
y = w2 * h
E = 0.5 * (y - t)^2
```

`x` ni ingizo, `w1` na `w2` ni uzito, `y` ni tokeo. `h` ni sigmoidi, ile inayobana namba yoyote ikae kati ya 0 na 1. `t` ni jibu sahihi, `E` ni kosa. Ile 0.5 imewekwa ili ifutane na 2 itakayoshuka kutoka kwenye kipeo.

Weka x = 2, t = 1, w1 = 0.5, w2 = 3. Kwenda mbele: z = 1, h = 0.731, y = 2.193, E = 0.712. Jibu limezidi kwa 1.193. Usizifute namba hizi za katikati, maana safari ya kurudi inazihitaji zote. Ndiyo sababu kufunza mtandao kunakula kumbukumbu nyingi ya kompyuta kuliko kuutumia tu.

Sasa rudi nyuma, na katika kila hatua uliza swali moja: hiki kikipanda kidogo, E inapanda mara ngapi ya hicho kidogo? Jibu la swali hilo ndilo mteremko wa kitu hicho, na hapa nitauita pia lawama.

Kwa y, jibu ni y − t, yaani 1.193. Kwenye y = w2 × h, barabara inagawanyika. Ukisukuma w2, y inasogea mara h, kwa hiyo mteremko wa w2 ni 1.193 × 0.731 = 0.872. Ukisukuma h, y inasogea mara w2, kwa hiyo h inapokea 1.193 × 3 = 3.58. Tazama vizuri hapo: kila kimoja kinapata kizidisho cha mwenzake. Uzito mkubwa unapitisha lawama kubwa kwenda nyuma, kwa sababu ndio uliopitisha athari kubwa kwenda mbele.

Kuvuka sigmoidi, kizidisho ni h × (1 − h) = 0.731 × 0.269 = 0.197. Lawama inayofika z ni 3.58 × 0.197, karibu 0.704. Mwisho, z = w1 × x, kwa hiyo w1 inapata 0.704 × 2 = 1.41. Hilo ndilo jibu la swali lako: w1 ikiongezwa kidogo, E inaongezeka mara 1.41 ya hicho kidogo. Tunataka E ishuke, basi tunaipunguza w1.

Kwa hatua ya 0.1, yaani kila uzito unapunguzwa 0.1 ya mteremko wake, w1 inakuwa 0.5 − 0.141 = 0.359 na w2 inakuwa 3 − 0.087 = 2.913. Pitisha ingizo tena: y inatoka 1.958, na E inashuka kutoka 0.712 hadi 0.459.

Labda utauliza kwa nini tusisukume kila uzito peke yake tuone E inafanyaje. Kwa uzito mbili inawezekana. Kwa uzito milioni moja, ungepitisha ingizo mara milioni moja ili upige hatua moja tu. Kurudi nyuma kunatumia tena kilichokwisha kupatikana: ile 0.704 ya z, ukishaipata, inatosha kwa w1, na kama kuna safu zaidi huko nyuma, zote zinaendelea kutoka hapohapo. Safari moja ya kwenda na moja ya kurudi, uzito zote zimepata mteremko wao.

Jambo moja halionekani kwenye mtandao huu kwa sababu una njia moja. Kama h ingelisha matokeo mawili, lawama zinazorudi kwake zinajumlishwa. Tuseme tokeo la pili limezidi jibu lake sahihi kwa 0.5 na uzito wake ni −2: linarudisha −1, na h inabaki na 3.58 − 1 = 2.58. Ndani ya njia unazidisha, njia zinapokutana unajumlisha. Wengi wanaoandika msimbo wao wenyewe wanaharibu hapa, wanaiacha njia ya mwisho ifute zilizotangulia.

Kosa la pili ni la kimyakimya: kubadilisha w2 kwanza, halafu kutumia w2 hiyo mpya kuhesabu mteremko wa w1. Ungepata 1.37 badala ya 1.41. E bado itashuka, grafu itapendeza, na hutashtuka. Hesabu miteremko yote kwanza, ndipo ubadilishe uzito zote kwa pamoja. Kule kusukuma uzito mmojammoja kulikotushinda kwa gharama ndiko kutakakokusaidia kulikamata kosa kama hili, ukikutumia kama kipimo cha uzito mmoja au mbili tu:

```python
import math
def kosa(w1, w2, x=2, t=1):
    h = 1 / (1 + math.exp(-w1 * x))
    return 0.5 * (w2 * h - t) ** 2

d = 0.0001
print((kosa(0.5 + d, 3) - kosa(0.5 - d, 3)) / (2 * d))
```

Itatoka karibu 1.4076. Kama hesabu yako ya kurudi nyuma inatofautiana kuanzia tarakimu ya pili au ya tatu, usitafute kisingizio cha kukadiria, kuna kosa kwenye msimbo.

Kisha kuna hali ambapo hesabu ni sahihi kabisa na mtandao haujifunzi. Jaribu x = 20 badala ya 2. z inakuwa 10, h inakaribia 1, na h × (1 − h) inashuka hadi 0.000045 hivi. Tofauti kwenye tokeo inaweza kuwa kubwa, lakini ikivuka sigmoidi inakwisha, na w1 haisogei. Dalili yake ni kwamba w2 inabadilika huku w1 imeganda. Dawa ni kupunguza ukubwa wa maingizo kabla ya kuanza. Na hata mahali pazuri kuliko pote, z ikiwa 0, kizidisho hicho hakizidi 0.25. Panga sigmoidi 10 mfululizo na hata kwa hali bora zitabakiza chini ya sehemu moja ya milioni ya lawama, labda uzito ziwe kubwa za kufidia. Kwa sababu hiyo safu za kati za mitandao mirefu mara nyingi hutumia ReLU badala ya sigmoidi: inaiacha z ilivyo ikizidi 0, vinginevyo inatoa 0, kwa hiyo kizidisho chake ni 1 pale z inapozidi 0.

Na usianze na w2 = 0. Lawama ya h ni ile y − t mara w2, kwa hiyo hatua ya kwanza w1 haipati chochote. Hapa w2 yenyewe itasogea na kuifungulia w1 njia hatua ya pili, lakini ukiwa na neva nyingi za kati na uzito zote zikaanza sawa, zote zitapokea lawama ileile kila hatua na kubaki nakala za neva moja. Anza na namba ndogo za bahati nasibu.