Ndoano ya swali, ya kushtua au ya kuonyesha: ipi inauza nini?

"Wakuu naomba msaada. Nauza vyombo vya jikoni (chopa za kuvuta kamba na presha kuka za umeme) pamoja na viatu vya kike vya namba kubwa. Niliambiwa video ianze na swali, nimefanya hivyo kwenye video zote. Watu wanapita tu. Nakosea wapi?"

Mkuu, bidhaa zako karibu zote nimeshaziuza, na hiyo ya kuanza na swali kila mahali ilinila hela kabla sijashtuka, ngoja nikueleze nilivyoona mimi.

Kabla ya kuchagua ndoano, yaani zile sekunde za mwanzo za kumshika mtu, jiulize kitu kimoja tu, hii bidhaa kazi yake inaonekana kwa macho ndani ya sekunde tatu au haionekani? Chopa inaonekana. Presha kuka haionekani, ni sufuria limefunikwa. Kiatu namba 43 ukikipiga picha peke yake ni kiatu kama viatu vingine.

Tuanze na chopa. Video yangu ya kwanza nilianza "umechoka kulia ukikata vitunguu?" na kabla ya hapo nikasalimia, habari zenu wapendwa karibuni dukani kwetu, yaani mpaka nafika kwenye kitunguu mtu ameshaskroli zamani. Halafu ukiangalia lile swali halina kazi, kila mtu analia akikata vitunguu na hakuna anayekesha akitafuta dawa yake. Nikarekodi upya bila neno hata moja. Video inaanza mkono UNAVUTA KAMBA TAYARI, kitunguu kimekatwa vinne ndani ya bakuli linaloonyesha ndani, unasikia krrr krrr krrr mara nane hivi, mfuniko unafunguliwa, kachumbari hiyo. Bei ikaja kwenye maandishi sekunde ya sita. Simu niliiweka juu kidogo kwa mshazari karibu na dirisha ili bakuli lisimetemete, na sauti ya kamba nikaiacha, usiifunike na muziki, ile sauti ndo inamshika mtu. Hiyo ndo iliyoniletea oda mpaka mzigo ukaisha.

Ila kuonyesha nako kuna mtego wake. Nilipoona inatembea nikanogewa, nikarekodi nyingine naweka karoti kubwa kubwa ili ionekane ina nguvu, kwangu ikasaga, ila wateja wakaenda kutupia karoti nzima na nyama ngumu, kamba zikakatika, simu zikaanza. Kila ulichoonyesha mteja anakihesabu kama ahadi. Siku hizi naonyesha mpaka nikiikata karoti vipande kwanza kwa kisu, video inapungua utamu kidogo lakini chopa hazirudi.

Sasa presha kuka, hapa ndo wengi wanapigwa. Nilijaribu ile ile ya kuonyesha, naweka maharage, nafunga, nabonyeza, natoa yameiva. Ikalala kabisa. Mtu anaona umekata video tu, anajuaje umepika dakika 45 au saa tatu? Na shida ya mteja wala siyo kama inaivisha, anajua inaivisha. Kinachomzuia ni kwamba kichwani mwake umeme ni ghali, akikuona unapika maharage kwa umeme anaona unamaliza LUKU. Akiwa na imani ya namna hiyo na wewe una ushahidi kwamba siyo kweli, hapo ndo mahali pa ndoano ya kushtua. Siyo kushtua kwa sababu inachangamsha, hapana, unashtua kwa sababu kuna kitu anachoamini unakipindua.

Nilichofanya, nusu kilo ya maharage makavu, sikuyaloweka. Nikazima kila kitu nyumbani mpaka friji, nikarekodi mita inasoma 14.62, nikapika, nikarekodi tena 14.24. Imekula 0.38 ya yuniti, kwa bei ninayonunulia mimi haikufika hata shilingi 200. Video ikaanza na mita yenyewe kwenye skrini na sauti yangu, "maharage haya yameiva kwa umeme usiofika shilingi mia mbili", halafu namba ya kwanza, sufuria, namba ya pili, maharage yanabonyezwa na kijiko. Komenti zikaja nyingi za ubishi, na ule ubishi wenyewe ukaisukuma video. Mmoja akasema friji lilikuwa linazungusha namba, nikamjibu kwa kipande nilichorekodi nikilichomoa, kumbe nilikuwa nimekiweka akiba.

Kabla ya hapo nilishawahi kutupia "buku moja inapika wiki nzima" bila kupima chochote. Aisee niliitwa tapeli siku mbili mfululizo nikaifuta. Ushahidi usipoingia ndani ya video ile ile, tena mapema, watu hawausubiri.

Viatu sasa. Huku swali linafaa, na sababu ni kwamba linachuja. "Dada unayevaa 43, kiatu cha sendofu unakipata wapi?" Anayevaa 38 anapita na wala usimhuzunikie, ila yule wa 43 ambaye ameshazunguka maduka anaambiwa "mwisho 41 dada" anasimama palepale. Tofauti na kitunguu, hii ni shida ambayo mtu ANAIJUA ni yake, ni ya wachache na ameshaitafutia ufumbuzi akashindwa. Swali liwe na namba na tukio ndani yake, ukiuliza "unapenda viatu vizuri?" nani atasema hapana, na nani atasimama?

Angalizo dogo kama unalipia tangazo Facebook na Instagram, wana sheria ya kutomnyooshea mtu kidole kuhusu mwili au afya yake, maswali ya "una kitambi?" tangazo linaweza kukataliwa. Namba ya kiatu haijawahi kunisumbua, ila wauza dawa na krimu muwe makini.

Kupima. Kwenye matangazo ya kulipia chukua `3-second video plays` gawanya kwa `Impressions`, unapata wangapi kati ya walioletewa video walibaki. Chopa yangu ilikuwa inabakiza kama wanne kwenye kumi, viatu hawakufika hata wawili, na nilikaribia kuifuta ya viatu nikidhani imekufa. Kumbe walioandika inboksi za viatu walikuwa wanauliza rangi na wapi watume hela, wakati wa chopa nusu nzima wanauliza bei iliyoandikwa kwenye video, wabongo bwana. Kwa hiyo usilinganishe chopa na kiatu, linganisha video mbili za kiatu kile kile, ubadilishe zile sekunde za mwanzo tu na mengine yote yabaki.

Wakibaki mwanzoni halafu wote wakaondoka sekunde ya nne au ya tano, ujue ndoano na video havizungumzi kitu kimoja, umeshtua halafu ukaanza kuelezea duka lilipo. Wakiangalia mpaka mwisho na hawaandiki, hilo siyo la ndoano tena, tafuta kwenye bei au usafirishaji.

Kwako ningeanza na presha kuka maana ndo yenye faida. Ila pima mita kwanza kabla hujaandika hata neno, kwa sufuria lako na bei yako ya umeme, na kama ikisoma 0.6 basi sema hiyo 0.6. Ukishapata namba itupie hapa tuione.