Mfumo ukisajili ombi lako la kazi mara tatu, mwandikie mwajiri hivi

Siku ya mwisho ya kupokea maombi, tovuti nyingi za ajira huelemewa. Mimi nilikuwa saiba ya mtaani hapa Nairobi, nikabonyeza `Submit`, ukurasa ukazunguka weee, kisha ukaleta `504 Gateway Timeout`. Ujumbe huo husema tu kwamba jibu limechelewa kurudi. Ombi lenyewe huenda limeshaingia. Nilipofungua akaunti yangu nikakuta maombi matatu ya nafasi moja, kila moja na nambari yake.

Kitufe cha `Withdraw` kilikuwa pale pale kinaniita. Kiache kwanza. Kuna mifumo ambayo ukiondoa ombi moja inakuhesabu umejitoa kwenye nafasi yote, na haikuruhusu kuomba tena.

Fungua kila ombi uangalie viambatisho kimoja kimoja. Langu la mwisho lilikosa cheti cha shahada; la pili ndilo lililokamilika. Ningeandika "naomba mbakishe la mwisho", ningekuwa nimejimaliza mwenyewe. Ndiyo maana nambari ni lazima zitajwe, ya kubaki ikitangulia:

> Mada: Maombi yaliyojirudia – Msaidizi wa Ununuzi, Kumb. MU/14
>
> Kwa Afisa wa Ajira,
>
> Hitilafu ya tovuti jana saa tatu usiku ilisajili ombi langu mara tatu. Naomba mbakishe nambari 20418, ambalo limekamilika, na muondoe 20417 na 20419. Nimeambatisha picha ya skrini inayoonyesha hitilafu hiyo.
>
> Asante,
> (Jina kamili, na barua pepe niliyojisajili nayo)

Basi, inatosha. Matangazo mengi ya kazi Kenya huonya kwamba anayejipigia debe ataondolewa moja kwa moja, kwa hivyo usiongeze sentensi hata moja kuhusu ujuzi wako wala hamu yako ya kazi hiyo. Wala usitaje Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Ni kweli inakupa haki ya kuomba taarifa zako zirekebishwe, lakini afisa mwenye rundo la maombi mezani akisoma jina la sheria ataona kesi inakuja.

Usijibu ile barua pepe ya kuthibitisha ombi ikiwa imetoka kwa `noreply`, kwani hakuna anayeisoma. Tumia anwani iliyo kwenye tangazo, na uandike mapema, kabla hawajaanza kuchuja.

Wakishajibu, hakikisha nambari uliyoomba ibaki ingali hai kwenye akaunti yako. Zile nyingine zikiendelea kuonekana usiwasumbue tena, maana katika baadhi ya mifumo afisa hawezi kuzifuta kabisa. Huziwekea tu alama kwamba zimejirudia. Lakini ukikuta iliyoondolewa ni ile uliyotaka ibaki, jibu siku hiyohiyo kwenye mazungumzo yaleyale, ili waone barua yako ya kwanza ilivyoandikwa.