Kijani Nyumba Nzima: Kuongeza Nyeupe Sio Dawa

Swali: Napenda sana kijani na ninataka nyumba yangu yote iwe na rangi hiyo: sebule, korido, jiko na vyumba vitatu vya kulala. Fundi rangi ameniambia haitanichosha iwapo ataichanganya na nyeupe kwa viwango tofauti, kila chumba kiwe na kijani chepesi kuliko kingine. Je, ni kweli?

Jibu: Si kweli, na ushauri huo ndio unaonifikisha kwenye nyumba za watu mara nyingi kuliko kosa lingine lolote, tena baada ya fundi kulipwa na kuondoka. Anayeutoa anachanganya mambo mawili yaliyo tofauti kabisa, yaani wepesi wa rangi na ukali wake. Nyeupe huipa rangi wepesi, lakini haiitulizi. Kijani kingi kinachotumika kutia rangi, kikiwa peke yake, ni kizito hadi kinakaribia weusi. Ukikitia nyeupe kiasi ndipo kinapoanza kuwaka, na kitaendelea kuonekana kikali hata baada ya kuwa chepesi sana. Kinachoituliza rangi ni kuitia kidogo ile inayopingana nayo, ambayo kwa kijani ni wekundu wa udongo, au kuivuta kuelekea kijivu.

Jambo la pili ambalo mafundi wa aina hii hawalisemi ni kwamba kuta hupakana rangi zenyewe kwa zenyewe. Mwanga unaoingia dirishani haugongi ukuta mmoja na kuishia hapo, bali huruka kutoka ukuta huu kwenda ule, na kila unaporuka huongezewa rangi. Tuchukue ukuta wa kijani chepesi unaorudisha asilimia 60 ya sehemu ya kijani iliyomo katika mwanga na asilimia 40 ya sehemu nyekundu. Baada ya kugonga mara moja, kijani kinauzidi wekundu mara moja na nusu. Mwanga huo ukigonga ukuta wa pili, kinachosalia ni asilimia 36 ya kijani na asilimia 16 tu ya wekundu, yaani kijani sasa ni zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana rangi iliyoonekana pole kwenye kadi ya dukani hugeuka kali inapozunguka kuta nne, na kwa bahati mbaya rangi nyepesi ndizo zinazorusha mwanga mara nyingi zaidi, kwa kuwa rangi nzito huumeza mapema.

Uchovu wenyewe huanzia machoni. Jicho likizungukwa na rangi moja hujirekebisha na kuanza kuipuuza, kisha kila kisicho na rangi hiyo huonekana kimepakwa kinyume chake. Mtu aliyekaa kwa muda katika chumba cha kijani kitupu akitazama karatasi nyeupe mahali pengine huiona ina uwaridi. Kwa hiyo mwenye nyumba hupoteza mara mbili: ile rangi aliyoipenda haioni tena, na vitu vyake vingine havionekani sawasawa. Jicho linahitaji mahali pa kupumzikia ili likirudi kwenye kijani likione upya.

Nitaeleza nyumba moja niliyoitwa kuirekebisha, iliyokuwa na vyumba kama vyako na fundi mwenye maneno hayohayo. Aliyeipaka alichanganya ndoo kwa kukadiria kwa jicho, akipunguza kijani chumba hadi chumba. Nilipofungua milango na kusimama katikati ya korido niliona kijani cha aina nne kwa mara moja, kimoja kikielekea samawati, kingine kikielekea manjano, wala hakuna viwili vilivyopatana. Dari nyeupe ya sebuleni ilikuwa imeshika kijani kwa mwangaza wa kuta, na mama mwenye nyumba aliniambia kwamba kila akijitazama kwenye kioo asubuhi hujiona kama anayeumwa. Hakuwa na ugonjwa wowote. Ngozi yake ilikuwa ikimulikwa na mwanga wa kijani kutoka pande nne.

Hatukukiondoa kijani, kwa sababu alikipenda kwa dhati na sikuona sababu ya kumnyima. Kuta za korido na sehemu kubwa ya sebule tulizipaka nyeupe yenye ukijivu na dalili ndogo sana ya kijani, iliyochanganywa dukani kwa mashine ili ndoo ya pili ifanane na ya kwanza. Kijani kizito kilichotulizwa tulikiweka mahali ambapo jicho hufika kisha likaondoka: ukuta wa mwisho wa korido, unaoonekana tangu mlango mkuu, na milango ya makabati ya jikoni. Katika vyumba vya kulala tulikipaka ukuta wa nyuma ya kitanda peke yake, ili aliyelala asiwe anautazama. Kijani hicho kilikuwa kimoja nyumba nzima, si vinne, na kilirudi kidogo sebuleni kwenye mito na zulia. Dari zote zilibaki nyeupe isiyong'aa. Eneo lililopakwa kijani lilipungua sana, na hata hivyo kila aliyeingia aliiita nyumba ya kijani.

Kabla hujanunua ndoo hata moja, fanya jaribio hili. Tafuta boksi la katoni, lipake ndani pande zote kwa rangi unayoifikiria, mara mbili, uliache likauke kabisa, kisha uchungulie ndani ukiwa umelielekeza dirishani. Utaiona rangi ikiwa imejirudia kama itakavyokuwa chumbani, na utashangaa ilivyo kali kuliko kadi uliyochagulia. Litazame asubuhi, mchana, na usiku chini ya balbu utakazotumia, kwa sababu balbu ya mwanga wa manjano, ya kelvini 2700, huvuta kijani kuelekea manjano na ile ya mwanga mweupe, ya kelvini 6500, hukivuta kuelekea samawati. Ikiwa kwenye kadi kuna rangi ambayo karibu uiruke kwa kuwa inafanana na jivu, hiyo ndiyo ya kuijaribu kwanza. Mara nyingi ukutani itakuwa kijani tosha.

Tahadhari hii haihusu kijani peke yake. Wapo wanaouza ushauri kwa kusema kwamba samawati hutuliza, manjano huchangamsha, na kijani huponya, kana kwamba jina la rangi linatosha kujua chumba kitakavyokuwa. Samawati kali kwenye kuta nne itamchosha mtu, na nyekundu iliyotulizwa kwenye ukuta mmoja inaweza kukaliwa miaka mingi bila kumsumbua. Kinachoamua ni ukali, ukubwa wa eneo na mwanga unaoliangukia. Wapo pia wanaochagulia wateja rangi kwenye skrini ya simu, ambayo hutoa mwanga wake yenyewe na haiwezi kuonyesha jinsi ukuta utakavyoupokea mwanga wa chumba chako. Fundi anayekataa kupaka boksi moja la majaribio kwa madai kwamba uzoefu wake unatosha, usimpe kazi ya nyumba nzima.