Thamani, samani, na Mwalimu aliyenisahihisha mbele ya mtaa mzima

Juma lililopita kijana mmoja alinisahihisha Kiswahili changu mbele ya watu mia mbili na zaidi, nikamjibu kwa mistari miwili, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaniuliza bei ya kitanda. Nimefurahi mno, wala sifichi. Nimefurahi kwa sababu mara ya kwanza jambo kama hili liliponipata nililiharibu vibaya, na maumivu yake ninayo hadi leo.

Sisi nyumbani ni mafundi. Kaka yangu anachonga milango, viti na vitanda katika karakana yetu huku Langoni, katika mji wa Lamu ambao sisi twauita Amu, nami ndiye ninayeandika matangazo kwenye kundi la mtaa la WhatsApp. Miaka miwili iliyopita niliandika hivi: "Tunatengeneza thamani za mbambakofi kwa bei nafuu." Haikupita nusu saa, Mwalimu mmoja mstaafu, mtu mzima anayeheshimiwa Amu nzima, akaandika chini yake: "Binti yangu, thamani ni ubora au bei ya kitu. Viti na meza ni samani."

Alikuwa na haki, na kosa lenyewe lina sababu yake. Sisi watu wa pwani twajivunia kutamka th na dh zetu sawasawa: thelathini, dhahabu, dhamana. Wageni wengi huzigeuza s na z, na thamani kwao huwa samani. Basi mkono wangu ulipofika kwenye samani ya kweli ukaingiwa na hofu ya kuandika kama mgeni, ukatia th pasipo pahala pake. Anayeijua vizuri sauti ya th ndiye hunaswa hapo.

Lakini siku ile sikufikiri hayo. Niliona uso unawaka moto. Nikaandika: "Mwalimu, madaftari ya kusahihisha yamekwisha shuleni? Hapa ni biashara." Watu walicheka, wakatuma vikaragosi vya vicheko, nikajiona nimeshinda. Mwalimu hakujibu neno. Baada ya siku chache nilimkuta Mkomani, nikamwambia sabalkheri, akaitikia bila kusimama. Watu wawili waliokuwa wameulizia viti siku ile ile hawakurudi tena. Mmoja aliniambia baadaye, kwa upole, kwamba baba yake alisomeshwa na Mwalimu.

Nimelifikiria jibu lile usiku mwingi, na nimelipata nililopaswa kuandika:

"Ahsante Mwalimu. Ni samani, si thamani. Samani ziko karakana, na thamani yake tutasikizana ukija."

Basi. Litazame lilivyojengwa. Kwanza shukrani, neno moja na cheo chake. Kisha unalitaja neno sahihi waziwazi, ili aliyesoma tangazo ajue lipi ni lipi, maana kukubali bila kulitaja ni kama kukubali nusu. Halafu ndipo mzaha, na mzaha umeliangukia neno. Haujamwangukia Mwalimu, wala haujaniangukia mimi. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukimcheka aliyekusahihisha, umegombana. Ukijicheka mwenyewe, "mimi mbumbumbu, shule niliikimbia", watu watalazimika kukubembeleza, au watakuamini, na fundi asiyeaminiwa hauzi kiti. Neno peke yake ndilo halina jamaa wa kukasirika kwa ajili yake, na maneno mawili yanayofanana kama samani na thamani yamekuletea mzaha tayari. Wewe utayaweka tu katika sentensi moja, kila moja mahali pake.

Na usizidishe. Niliwahi kumwona jirani akijibu, "Ahsante sana sana kwa elimu yako kubwa na muda wako wa thamani." Alikuwa anashukuru kwa dhati, wallahi, lakini kila aliyesoma alidhani anamkebehi mwenzake. Shukrani ndefu kwa kosa la herufi moja hugeuka kejeli hata kama moyo ni safi. Udhuru nao ni hivyo hivyo. Ukisema "simu ndiyo iliyojiandikia", atakuja mwingine akuulize mbona simu yake haijiandikii, na mnaanza upya.

Kuna jambo la ujumbe wenyewe pia. WhatsApp hukuruhusu kuuhariri ujumbe kwa dakika 15 tu tangu uutume. Mtu akikusahihisha katika dakika hizo, utashawishika kurekebisha kimyakimya. Mimi nakusihi usifanye hivyo kabla ya kumjibu. Watakaosoma baadaye watalikuta neno sahihi juu, na chini yake mzee wa watu akisahihisha kosa ambalo halipo, aonekane mwongo au haoni vizuri. Mjibu kwanza, kisha rekebisha. Dakika zikikupita, tuma tangazo upya likiwa safi, na lile la kwanza liache. Ukilifuta, sahihisho lake litabaki linaning'inia peke yake, na kila mtu ataanza kuulizana ulikuwa umeandika nini.

Sasa nirudi kwa kijana wa juma lililopita, kwa sababu yeye hakuwa na haki kamili, na hapo panahitaji uangalifu zaidi. Niliandika: "Vitanda vipya vimekamilika, ndooni muone." Akajibu: "Ndooni ni ndani ya ndoo. Sema njooni."

Mwenyeji wa Amu ameshaelewa. Penye nj ya Kiswahili sanifu, Kiamu mara nyingi kina nd: njoo kwetu ni ndoo, njia ni ndia. Penye ch kina t: macho ni mato, chini ni tini. Si makosa hayo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na lahaja nyingine zikabaki majumbani na katika tenzi. Haya yote niliyajua, na vidole vilikuwa vinawasha kumwandikia darasa zima. Niliiweka simu, nikaenda kukuna nazi. Niliporudi nikaandika:

"Ahsante kaka. Kwa sanifu ni njooni, nasi Waamu twasema ndooni. Ndooni nyote, na mwenye ndoo aje nayo, kisima chetu kina maji."

Kabla ya kutuma nilimsomea mama, ambaye hakuwa amelisoma kundi. Ndiyo desturi yangu siku hizi. Akiniuliza "Mmeteta?", jibu halijaiva, nalirudia. Safari hii aliuliza tu nani anakuja kuteka maji. Nikatuma.

Kijana hakushindwa mbele ya watu, kwa kuwa njooni yake nimeikubali. Nami lugha ya bibi zangu sikuikana. Wewe unayesoma hapa, ukisahihishwa kwa neno la lahaja yako, usiombe radhi kwa ajili yake, maana ukiomba radhi leo, mwanao ataliona neno hilo ni kosa. Yataje yote mawili, kila moja na kwao. Lakini hakikisha kwanza ni lahaja kweli. Thamani yangu ile haikuwa lahaja ya mtu yeyote, na ningeisingizia Kiamu Mwalimu angejua mara moja.

Kwake nilikwenda Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, nikamtaka radhi. Alinisamehe, akanipa kahawa. Ila kiti cha baraza alikuwa ameshakiagiza kwa fundi mwingine, zamani, mwaka ule ule. Kila nipitapo naona amekikalia, na mbao zake si za mbambakofi.