Mwaka wa fedha 2023/24 unaanza na kuisha lini?

Swali: Ripoti ya CAG niliyoisoma Aprili 2025 inasema ni ya mwaka 2023/24. Mbona imechelewa hivyo? Na kwa nini Serikali isihesabu Januari hadi Desemba kama sisi wengine?

Jibu: Ndugu msomaji, ripoti hiyo haikuchelewa. Mwaka wa fedha ni miezi 12 ambayo Bunge limeiruhusu Serikali kukusanya na kutumia fedha kwa bajeti moja. Kwa Tanzania huanza 1 Julai na kufungwa 30 Juni, kwa hiyo 2023/24 ilifungwa 30 Juni 2024. Taasisi hupewa miezi mitatu kuandaa hesabu zake, kisha CAG hukagua na kumkabidhi Rais ripoti kabla ya Machi kuisha. Ndiyo maana uliisoma Aprili.

Tarehe ya kuanza ni uamuzi wa nchi. Kongo na Msumbiji hutumia Januari hadi Desemba. Sisi bajeti yetu hujadiliwa Bungeni Dodoma kuanzia Aprili, wizara moja baada ya nyingine, na hotuba kuu husomwa katikati ya Juni. Ruhusa ya kutumia fedha inapatikana mwaka mpya ukikaribia kuanza. Kenya na Uganda nazo huanza Julai, na Rwanda iliiacha Januari mwaka 2009: ilitumia kwanza bajeti ya miezi sita, Januari hadi Juni, ndipo ikaungana na majirani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Marekani, kwa sababu unaonyesha kwamba kinachoamua ni muda wa wabunge. Nao walianza Julai, lakini Bunge lao lilikuwa halimalizi bajeti kwa wakati. Sheria ya 1974 ikasogeza mwanzo hadi 1 Oktoba, kuanzia 1976. Miezi ya Julai hadi Septemba mwaka huo haikuwa ya mwaka wowote, ikatengewa bajeti yake peke yake.

Kwa mwananchi anayefuatilia, tarehe muhimu ni 30 Juni. Tuseme halmashauri yako ilitengewa fedha za madawati 2023/24, ikaagiza Mei 2024, fundi akayaleta Agosti. Ruhusa ya kutumia fedha hizo ilikwisha Juni. Kama halmashauri haikuomba mapema kibali cha kuvuka nazo, zinarudi Hazina, na fundi anasubiri kulipwa kutoka bajeti ya 2024/25. Kwa hiyo ukiambiwa "fedha za 2024 zimeliwa", uliza kwanza: za kabla ya Julai au za baada? Hizo ni bajeti mbili, na kila moja ina ripoti yake ya ukaguzi.

Kodi yako ya mapato ni suala jingine. TRA humhesabia mlipakodi wa kawaida Januari hadi Desemba, na kampuni inayotaka miezi tofauti huomba idhini ya Kamishna.