Wastani wa 72, na bado amefeli

Juzi mwalimu wa chuo aliniandikia: "Mwalimu, mwanafunzi ana wastani wa 72 lakini Excel imemwandikia AMEFELI. Fomula yako ina kasoro?"

Haina. Chuoni kwao lazima ufikishe 50 katika kila somo. Mwanafunzi huyo ana 78, 81, 66, 90, 72, 48 na 69. Ile 48 peke yake inamwangusha. Wastani hausaidii hapa, maana alama kubwa huifunika ndogo. Kinachotakiwa ni kuitazama alama ya chini kabisa katika mstari wake.

Wengi wakishafika hapo huandika `MIN(B2:H2)>=50` na kujiona wamemaliza. Katika chuo kimoja nilichofundisha niliwaonya kuhusu hilo, nikaambiwa nachelewesha matokeo. Yakabandikwa ukutani, na kijana ambaye hakufanya mtihani wa somo moja akaonekana amefaulu, kwa kuwa `MIN` huruka seli tupu na maneno. Alishawapigia simu wazazi wake. Kumwita ofisini na kumwambia vingine nikaachiwa mimi, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kutumia `AND(B2:H2>=50)` nako kuna mtego wake. Excel ikilinganisha neno na namba, neno huhesabiwa kuwa kubwa zaidi. Ukiandika "HAYUPO" mahali pa alama, anapita.

Kwa hiyo mimi huhesabu alama kwanza, ndipo nahukumu. Alama ya ufaulu naiweka kwenye seli K1, ili ikibadilika niirekebishe mahali pamoja tu:

```
=IF(COUNT(B2:H2)<7,"KAGUA",IF(MIN(B2:H2)>=$K$1,"AMEFAULU","AMEFELI"))
```

`COUNT` huhesabu namba tu. Zikipungua saba, fomula haimpitishi mtu wala haimfelishi. Inakuita wewe uangalie. Nimeitumia kwa miaka, na matokeo niliyoyaandaa hivi hayajawahi kurudishwa.

Walimu wenzangu, acheni kujaza sifuri kwa asiyefanya mtihani. Sifuri ni alama, maana yake alikaa chumbani akakosa yote. Aliyeugua hastahili kuandikiwa hivyo. Acheni seli tupu, neno KAGUA litokee, kisha mtafuteni.

Ukiona KAGUA na seli zote saba zina alama, tafuta namba iliyoingia kama maandishi. Mara nyingi hutokea alama zikinakiliwa kutoka faili nyingine. Ukiwa hujagusa mpangilio wa seli, utaitambua kwa kuwa imelalia kushoto wakati wenzake wako kulia. Ifute, hakikisha aina ya seli ni General wala si Text, kisha uiandike upya.

Na ukiona 50 lakini jibu ni AMEFELI, bofya seli hiyo usome juu kwenye upau wa fomula. Huenda alama halisi ni 49.6, desimali zimefichwa tu. Kama kanuni za chuo zinaruhusu kukadiria, tumia `ROUND` kwenye alama yenyewe kabla ya kuamua. Kama haziruhusu, onyesha desimali ili mwanafunzi aione 49.6 yake.