Sangara hewa stoo, benki inamdai mkaguzi

"Kiwanda cha minofu hapa Mwanza kimefilisika, benki inatudai sisi wakaguzi kwa uzembe. Bima ya mwaka tuliokagua si inatosha?"

Hapana, ndugu. Bima hizi kwa kawaida hufuata tarehe ya dai, si mwaka wa kazi. Ya sasa ikikatika, ile ya zamani haiwaokoi. Ijulisheni kampuni ya bima leo, na msikiri kosa kwa benki.

Kuna aliyewaambia kwamba faili la ukaguzi linatosha kuwatetea; yuko sahihi nusu. Saini kwamba mlihudhuria kuhesabu sangara stoo haitoshi: lionyeshe maboksi gani mlifungua, nani alihesabu, tofauti mliifuatiliaje. Tafadhali msichomeke karatasi mpya kimyakimya! ISA 230, kiwango cha kimataifa cha kumbukumbu za ukaguzi, inataka faili likamilike kwa kawaida ndani ya siku 60 baada ya ripoti. Kama benki ilistahili kuitegemea ripoti, hilo wakili alipime.